Mashine Yako Haitaondoka Kibarazani

Ramlah alitaka niandike kwamba nimepiga hatua ya imani. Nikamwambia imani ninayo tangu chuoni kwa maalimu, na hatua ninazotaka kupiga mimi ni za kwenda vibarazani kwa watu kutengeneza cherehani. Kwa hiyo andika cherehani.

"Dada, watu hawaandiki hivyo," akasema. Ramlah ni mdogo wangu, anauza vitambaa soko kuu la Jinja, na simu ya maana katika familia yetu ni ya kwake. Mimi nina kitochi, simu ndogo ya vitufe, kwa sababu mikono yangu ina mafuta kutwa nzima na vioo vya simu havinitaki. "Watu wanaanza na shukrani. Unamshukuru Mungu, unamshukuru bosi wako wa zamani, unasema umejifunza mengi. Halafu unasema kaeni mkao wa kula, kuna jambo kubwa linakuja."

"Jambo gani kubwa? Jambo ni mimi na mkoba wa bisibisi!"

"Hata bosi hutamshukuru?"

Hapo ndipo alipoharibu. Nimshukuru Geresom? Kwa lipi?

Ngoja niseme huyu Geresom ni nani, maana hasira bila maelezo inaonekana wazimu. Geresom Wamboga ana duka kubwa la cherehani Mbale, pale Nabuyonga, na tawi dogo hapa Jinja. Tawi hilo lilikuwa mimi. Miaka tisa, mimi peke yangu, na stuli, na mlango wa bati. Mshonaji anakuja analia, mashine inaruka mishono, sindano inavunjika, uzi unafanya viota chini. Mimi nikiitazama tu najua. Mara nyingi ni skrubu moja, kazi ya dakika chache. Lakini amri ya Geresom ilikuwa kwamba hakuna mashine kufunguliwa Jinja. Kila mashine inaingia kwenye lori la Alhamisi, inakwenda Mbale, inakaa huko wiki mbili, wakati mwingine tatu. Na mshonaji asife njaa, Geresom mwenye huruma anamkodishia mashine nyingine, kwa siku. Mmeelewa? Kukodisha ndiko kulikokuwa biashara. Matengenezo yalikuwa chambo tu.

Nilimwambia mara ngapi! "Bosi, hii ni skrubu, niikaze hapa hapa, mama wa watu aendelee na kazi yake." Ananijibu kwa sauti ile yake ya kanisani, taratibu, "Mastula, wewe ni fundi. Mambo ya biashara niachie mimi." Basi nikamwachia. Nikaaga kwa adabu zote, nikampa ufunguo wa mlango wa bati mkononi mwake, akaupokea bila kuniambia hata safari njema.

Kwa hiyo nilikaa kwenye mkeka nyumbani kwetu Kimaka, nikamwambia Ramlah aandike neno kwa neno ninavyosema, na asiongeze ua wala moyo mwekundu. Akaandika huku amevuta mdomo. Tangazo likasomeka hivi:

"Mimi ni Mastula Bakhit wa Kimaka, fundi wa cherehani. Wengi mnanijua. Nimeacha kazi niliyoifanya miaka tisa. Sikufukuzwa na sikuiba. Nimeondoka kwa sababu nimechoka kupakia mashine zenu kwenye lori kwenda Mbale kwa ubovu ambao ningeutengeneza hapo mlipokaa. Sasa nafanya kazi yangu mwenyewe. Sina duka. Sina msaidizi. Nakuja kwako. Kuangalia ni bure. Matengenezo ni shilingi elfu kumi na tano. Kama kipuri kinahitajika, utakiona na utaambiwa bei kabla sijakifunga. Nikishindwa, hulipi. Kazi yangu ikiharibika kabla ya mwezi kwisha, narudi bure. Natengeneza za mguu, za mkono, za umeme za kawaida na overloki. Mashine za tarizi za kompyuta sizijui, usiniite. Mashine yako haitaondoka kibarazani kwako. Namba ni ile ile mliyozoea kunipigia."

Chini yake tukaweka namba yangu. Ramlah akalituma tangazo kwenye ukurasa wangu wa Fesibuku, ule alionifungulia yeye, kisha kwenye kundi la wasapu la washonaji wa Jinja. Siku hiyo hiyo likasambaa. Mshonaji mmoja analipeleka kwa shoga yake, shoga analipeleka kwa wenzake wa Bugembe, hata wa Iganga wakalipata.

Wengine hawakukosa la kusema. Kuna mmoja aliandika, "Huyu mwanamke hana shukrani, kumbe ndiyo maana." Ndiyo maana nini? Mwingine akasema tangazo halina heshima, limekaa kama ripoti ya polisi. Ramlah akanisomea yote kwa raha, maana alinionya sikusikia. Lakini simu ililia! Jumatatu, Jumanne, Jumatano, nilikuwa naruka kibaraza hadi kibaraza. Niliketi chini ya meza za watu, nikatoa nyuzi zilizojisokota kwenye meno ya kusukumia kitambaa, nikakaza, nikapaka mafuta, nikanyoosha mgongo, nikalipwa. Jumatano jioni nilikula mandazi mawili peke yangu kando ya barabara na nikajiona waziri.

Alhamisi asubuhi kitochi kikanyamaza. Hakina mtandao. Nikakipiga pajani, nikatoa betri nikaipuliza, nikairudisha. Bure. Nikasema mtandao umekatika, utarudi. Nilikuwa na kazi nilizokwisha ahidi, nikaenda kuzifanya. Ijumaa bado kimya. Baada ya sala nikakipeleka kwa kijana wa simu, akakifungua, akaweka laini yake, kikafanya kazi vizuri sana.

"Mama, simu yako nzima," akasema. "Laini ndiyo imekufa."

Nikamfuata Ramlah sokoni. "Hebu ipigie namba yangu." Akapiga, akaweka sauti ya nje, katikati ya vitenge na wateja. Ikaita. Laini yangu iliyokufa, ikaita! Halafu ikapokelewa. Sauti ya msichana, tamu kabisa.

"Haloo, huduma ya cherehani ya Mastula, tukusaidie nini?"

Ramlah akanitazama. Sauti ile niliijua. Ilikuwa ya Racheal, msichana wa mapokezi katika duka la Geresom, Mbale.

Sasa mtauliza, iliwezekanaje? Iliwezekana kwa sababu nilikuwa mjinga wa aina yetu sisi Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan. Nilipoanza kazi sikuwa na kitambulisho cha taifa. Nilikwenda kuomba, karani akaniuliza babu wa babu yangu alizaliwa wapi. Nikamwambia amezikwa Bombo, hapa hapa Uganda. Akasema hakuuliza kuzikwa, ameuliza kuzaliwa. Nikarudishwa, nikaenda tena, nikarudishwa. Na bila kitambulisho husajiliwi laini ya simu. Geresom akasema, "Usihangaike, tumia changu." Akaisajili laini kwa jina lake, akanipa mkononi, nikamwombea dua. Baadaye kadi yangu ilitoka, ninayo, ina picha mbaya lakini ni yangu. Laini sikuibadilisha. Nani anakumbuka jambo la hivyo, simu ikiwa mfukoni mwake na inalia?

Geresom alikumbuka. Aliliona tangazo, akachukua kitambulisho chake, akaenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu, akasema laini yake imepotea. Wakampa kadi nyingine. Yangu ikazimika. Wala hakuvunja mlango wa mtu.

"Dada, kwanza tuandike," Ramlah akasema. "Sasa hivi, kwenye kundi. Tuseme namba si yako tena, wasipige."

"Kwanza nitamwona uso," nikasema.

"Dada, tafadhali. Dakika mbili tu."

"Nimesema kwanza uso wake!"

Ndivyo nilivyo. Damu ikinipanda, sisikii. Jumamosi mlango wa ofisi ya simu ulifunguliwa nikiwa wa kwanza. Binti wa dirishani alikuwa mpole. Akabonyeza, akatazama, akaniambia mwenye laini ni yule aliyesajiliwa, basi. Ikihamishwa, yeye aje mwenyewe na kitambulisho chake, na mimi na changu, akubali mbele yao. Nikamwambia nimeitumia miaka tisa. Akasema, "Pole, mama." Nikanunua laini mpya, kwa kadi yangu yenye picha mbaya, nikaitia kwenye kitochi. Kisha nikapanda gari la Mbale na mkoba wangu wa zana begani, maana siendi popote bila mkoba.

Duka la Geresom lina kioo mbele na mashine mpya zimepangwa dirishani. Niliingia nikiwa tayari napiga kelele. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakakunja miguu. Mbale watu wakisikia Kiswahili cha kupandisha sauti wanadhani jeshi limeingia, na mimi baba yangu alikuwa jeshini, sauti nimeirithi yote.

"Wapi Geresom? Atoke! Mwizi wa namba atoke!"

Akatoka nyuma, na fulana yake iliyopigwa pasi, na tabasamu. "Mastula. Hapa si kambini. Karibu, kaa."

"Sikai! Nipe laini yangu."

"Laini yako?" Akageuka kwa wateja, kana kwamba anawaomba wamsaidie kuelewa. "Laini ni ya kampuni. Jina ni langu. Wateja waliopiga namba hiyo miaka yote ni wateja wangu. Wewe ndiye uliyeiweka namba yangu kwenye tangazo lako la kunitukana. Nani mwizi?"

Nikageuka upande wa mapokezi. Racheal alikuwa ameketi mezani, kichwa chini, na mbele yake simu ndogo, humo ndani laini yangu.

"Na huyu anapokea kwa jina langu kwa nini?" nikasema. "Kama wateja ni wako, mbona haitiki kwa jina lako?"

Tabasamu likapungua kidogo. Akanishika kiwiko, nikakichomoa. Akasema kwa sauti ya chini, "Sikiliza. Sina ugomvi na wewe. Ulichokosa ni adabu tu. Mtu anaondoka kwa bosi wake, anasema asante. Wewe umenianika. Futa lile tangazo. Andika lingine, sema umekosea, sema unanishukuru, sema umerudi. Nitakuongezea mshahara. Jumatatu nitakuja Jinja mwenyewe, na kitambulisho, nitaihamisha laini iwe kwa jina lako. Yako kabisa. Hata ukiondoka tena mwakani, unaondoka nayo."

Sitawadanganya, nilishawishika. Namba ile imo katika simu ya kila mshonaji kuanzia Njeru hadi Iganga. Wengine wameiandika ukutani kwa chaki. Wapo ambao hawajui jina langu la pili lakini namba wanaikariri. Bila namba ile mimi ni mwanamke mwenye bisibisi. Na alichotaka ni maneno tu, mistari mitatu ya shukrani za uongo, jambo ambalo kila mtu huandika na hakuna anayekufa. Ramlah angeniandikia vizuri sana.

Nikageuza macho nisimtazame, na hapo ndipo nilipoiona. Chini, ukutani, katikati ya mashine zilizoletwa na lori la Alhamisi. Cherehani nyeusi ya mguu, kichwa chake kimefungwa kitambaa cha maua ya njano. Naijua mashine hiyo. Ni ya Kagoya wa Mpumudde, mshonaji wa gomesi, yale magauni ya sherehe, na kitambaa kile huifunga mwenyewe kila jioni, kama anayemfunika mtoto.

"Hii imefikaje hapa?"

Simu ikalia mezani. Racheal akaitazama, akamtazama Geresom, hakuipokea. Ikakatika, ikalia tena.

"Pokea," nikasema. "Si ni huduma ya Mastula? Pokea, weka sauti ya nje."

Sijui kama alinitii mimi au aliichoka simu ile. Alibonyeza.

"Mastula!" Ilikuwa Kagoya, na alikuwa analia kwa hasira. "Mastula, leo hutaniwekea huyo msichana wako! Nataka wewe! Uliandika mashine haitaondoka. Nilisoma mara mbili, banange, mara mbili! Nikapiga, mkaniambia Mastula amesema yako ina ubovu mkubwa, lazima iende, itarudi kesho. Nikasema kama ni Mastula amesema, sawa. Kesho iko wapi? Watu wa kwanjula wamekuja kuchukua gomesi zao, nimewapa vitambaa!"

Duka zima likasikia. Kwanjula ni siku bwana harusi anapotambulishwa ukweni, na shangazi wote wanataka gomesi mpya. Ukipewa gomesi za kwanjula umepewa jina. Ukishindwa kuzishona, jina hilo linachukuliwa na mwenye mashine nzima.

"Dada Kagoya," nikasema. "Ni mimi. Sikuwa—"

"Nyamaza! Geresom alikuwa akinila, nikijua ananila. Wewe nilikuamini!"

Neno hilo lilinipiga. Miaka tisa nimetukanwa kwa makosa ya Geresom, nikavumilia, kwa sababu nilijua na mteja alijua kwamba ni ya Geresom. Hili lilikuwa na jina langu juu yake.

"Nakuletea mashine yako," nikamwambia. "Leo. Mimi mwenyewe."

Akakata.

Nikapiga magoti pale pale sakafuni, nikafungua mkoba. Geresom akasema hakuna mashine kufunguliwa nje ya karakana. Nikamwambia aje anifunge mikono. Nikafungua kibati cha ubavuni, nikazungusha gurudumu polepole, nikaona: skrubu inayoshika mtaimbo, kile chuma kinachobeba sindano, imelegea, mtaimbo umepanda, kwa hiyo ndoano ya chini inapita bila kukuta uzi. Ndiyo maana inaruka mishono. Ubovu mkubwa! Nikaushusha mtaimbo mahali pake, nikakaza, nikazungusha tena, ndoano ikaukamata uzi. Mwanamke mmoja wa kwenye benchi alikuwa amesogea kutazama.

"Imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha."

"Na yangu iko hapa wiki ya tatu," akasema, naye hakuwa ananiambia mimi, alikuwa anamtazama Geresom.

Nikaifunga mashine kwa kitambaa chake. Geresom akaja akasimama mlangoni. Sauti ya kanisani ilikuwa imekwisha.

"Ukitoka na hiyo, ile namba isahau. Umesikia? Isahau kabisa."

"Kaa nayo," nikasema. "Ila usiitikie kwa jina langu tena. Ukiitika, nitarudi, na siku hiyo utatamani hapa pawe kambini kweli."

Racheal alinisaidia kubeba meza ya mashine hadi barabarani. "Samahani, dada," akasema. "Nilitumwa."

"Na ukatumika," nikamwambia.

Nikapata pikapu ya mtu aliyekuwa anapeleka vitunguu Jinja. Nilikuwa nimemkasirikia Geresom mpaka meno yakaniuma, na chini ya hasira hiyo palikuwa na nyingine, mbaya zaidi, ya kujikasirikia mimi. Dakika mbili, Ramlah alisema. Nilitaka kuuona uso wa mtu. Haya, nimeuona, una faida gani?

Kagoya alikuwa kibarazani kwake, amekaa kwenye kiti chake mbele ya mahali patupu mashine inapokaa. Ramlah nilimkuta amekwisha fika, nilimpigia njiani kwa laini mpya. Tukaiweka mashine. Kagoya akafungua kitambaa, akakikunja, akatia uzi, akachukua kipande cha gomesi kilichobaki mezani, akakanyaga. Mshono ukatoka mmoja, umenyooka, hauruki. Akashona hadi mwisho wa kitambaa. Akageuza, akashona tena.

"Ilikuwa nini?" akauliza.

"Skrubu."

"Skrubu." Akatoa mguu kwenye kikanyagio. "Sasa inashona vizuri. Nimshonee nani?"

Nilimweleza yote: kitambulisho, laini, Racheal, ofisi ya simu. Nilimweleza pia kwamba Ramlah alinishauri niandike mara moja na mimi nikakataa. Alikuwa amekunja mikono, uso umefungwa.

"Kwa hiyo watu bado wanapiga," akasema nilipomaliza.

"Bado."

"Na bado wanaambiwa ni wewe."

"Ndiyo."

"Na wewe umekaa hapa unanisimulia mimi!" Akainuka. "Andika! Unangoja nani mwingine apakiwe?"

Ramlah akatoa simu. Nikaanza kusema, naye anaandika. "Mimi ni Mastula Bakhit. Namba niliyowapa kwenye tangazo la kwanza si yangu tena. Ilisajiliwa kwa kitambulisho cha bosi wangu wa zamani, sikuibadilisha, na sasa ameichukua. Ukiipiga, utampata yeye. Yote mengine niliyoandika ni kweli na yanabaki vile vile. Namba mpya ni hii, imesajiliwa kwa jina langu. Kuna mteja mmoja ambaye mashine yake ilichukuliwa kwa jina langu, akapata hasara—"

"Mteja mmoja nani?" Kagoya akasema. "Mteja mmoja hana jina?"

"Sikutaka kukuaibisha, dada."

"Nimeshaaibika! Watu wa kwanjula wamenitangaza mtaa mzima. Andika Kagoya wa Mpumudde. Andika gomesi. Andika skrubu."

Ramlah akaandika Kagoya, akaandika gomesi, akaandika skrubu. Kagoya akanyoosha mkono. "Nionyeshe kitambulisho chako." Nikampa. Akatazama picha, akanitazama mimi. Akatoa simu yake mwenyewe, akaipiga namba mpya, kitochi kikalia mfukoni mwangu. Akakiacha kilie hadi kikanyamaza. Kisha akamwambia Ramlah amtumie yale maandishi, yeye ndiye atakayeyapeleka kwenye kundi, kwa jina lake.

"Nikiyatuma mimi wataamini," akasema. "Ukiyatuma wewe, watasema ni vita vyako na bosi."

Akayasoma yote, midomo ikicheza. Mwishoni akaongeza maneno yake kwa kidole kimoja, polepole, herufi kwa herufi, na hakutuonyesha mpaka alipokwisha kuyatuma. Simu ya Ramlah ikalia kengele ya kundi, tukasoma. Aliandika: "Kadi yake nimeiona, namba nimeipiga. Kuanzia leo, mtu akikwambia mashine yako ipande lori, huyo si Mastula. Mfukuze."

Hatukuwa tumemaliza kusoma, kitochi kikaanza kulia. Namba nisiyoijua. Nilikishika mkononi, nikamtazama Kagoya, maana nilikuwa bado sijamwomba radhi inavyopasa, na nilitaka kukaa.

Yeye alikuwa amekwisha geuka. Alikuwa anaifunga mashine yake nzima kwa kile kitambaa cha maua, jua bado lipo.

"Pokea uende," akasema. "Wewe una kazi."